Nani Anafunga kwa Ufanisi? Hesabu za eFG% na TS%

Kwa miaka mingi, ulengaji wa mchezaji wa mpira wa kikapu ulipimwa kwa hesabu moja rahisi: idadi ya vikapu alivyofunga hugawanywa kwa idadi ya mitupo aliyojaribu, nje ya mitupo huru. Hesabu hiyo, inayoandikwa FG% kwenye jedwali za takwimu, ilikuwa na maana zaidi wakati kila kikapu cha mchezoni kilileta pointi mbili. NBA ilipoanza kutumia mstari wa pointi tatu katika msimu wa 1979/80, kasoro yake ikajitokeza, kwa kuwa kikapu cha mbali na cha chini ya ringi huhesabiwa sawa. Mitupo huru nayo haikuwahi kuingizwa humo kabisa.

Misimu mitatu ya wachezaji watatu, kila mmoja akiwa kinara wa wastani wa pointi katika NBA mwaka wake, huonyesha vizuri tatizo lenyewe. Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers, msimu wa 1999/2000, alifunga vikapu 956 kwa mitupo 1,665, sawa na asilimia 57.4. Stephen Curry wa Golden State Warriors, msimu wa 2015/16, alifunga 805 kwa mitupo 1,598, asilimia 50.4. James Harden wa Houston Rockets, msimu wa 2018/19, alifunga 843 kwa mitupo 1,909, asilimia 44.2 tu. Kwa kipimo cha zamani mpangilio uko wazi: O'Neal mbele, Curry katikati, Harden mkiani.

Marekebisho ya kwanza yanahusu pointi tatu. Kikapu cha mbali kina thamani ya kikapu kimoja na nusu cha kawaida, kwa hiyo kila kikapu cha aina hiyo huongezewa nusu kabla ya kugawanya. Matokeo yake huitwa asilimia fanisi ya mitupo, na huonekana kwenye takwimu kwa jina la eFG%:

```
eFG% = (FGM + 0.5 × 3PM) / FGA
```

FGM ni vikapu vyote vya mchezoni, vya pointi mbili na vya tatu kwa pamoja, 3PM ni vile vya pointi tatu pekee, na FGA ni mitupo iliyojaribiwa. Kati ya vikapu 805 vya Curry, 402 vilikuwa vya pointi tatu. Nusu ya 402 ni 201, na ikijumlishwa na 805 hupatikana 1,006. Jumla hiyo ikigawanywa kwa 1,598 hutoa asilimia 63.0. Maana yake ni kwamba mitupo ya Curry ilizaa pointi sawasawa na za mchezaji anayetupa za pointi mbili tu na kufunga 63 katika kila 100. O'Neal alijaribu pointi tatu mara moja tu msimu mzima, akakosa, hivyo anabaki na 57.4. Harden, aliyefunga 378 za mbali, anapanda hadi 54.1, lakini bado yuko mkiani.

Kinachobaki nje ni mstari wa mitupo huru, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu kidogo. Mchezaji akichezewa rafu wakati anatupa, kisha mpira ukakosa, mtupo ule hauandikwi kabisa katika FGA. Anapewa mitupo huru, na shambulizi la timu linaishia hapo. Kwa hiyo mitupo huru nayo inagharimu mashambulizi, ila haigharimu kiasi kilekile kila mara. Miwili inayotokana na rafu ya kawaida ni sawa na shambulizi moja, yaani nusu kwa kila mtupo. Mitatu anayopewa aliyechezewa rafu nyuma ya mstari wa pointi tatu ni sawa na shambulizi moja pia, yaani theluthi kwa kila mtupo. Ule mmoja wa nyongeza, baada ya kikapu kuingia licha ya rafu, haugharimu chochote kwa sababu kikapu chenyewe tayari kimehesabiwa. Mtupo wa adhabu ya utovu wa nidhamu haugharimu kitu vilevile. Aina zote hizo zikichanganywa kwa uwiano wa ligi ya NBA, wastani huwa karibu 0.44 ya shambulizi kwa mtupo huru mmoja. Ndiyo asili ya namba ya ajabu iliyomo katika asilimia halisi ya ufungaji, TS%:

```
TS% = PTS / (2 × (FGA + 0.44 × FTA))
```

PTS ni pointi zote na FTA ni mitupo huru iliyojaribiwa. Harden alipata pointi 2,818 na kujaribu mitupo huru 858. Asilimia 44 ya 858 ni takriban 377.5, ikiongezwa kwenye 1,909 na jumla kuzidishwa mara mbili, hupatikana 4,573. Jibu ni asilimia 61.6. Kwa Curry, pointi 2,375 na mitupo huru 400 hutoa 66.9. Kwa O'Neal, pointi 2,344 na mitupo huru 824 hutoa 57.8. Aliyekuwa wa mwisho amempita aliyekuwa wa kwanza.

Sababu iko kwenye ule mstari. O'Neal na Harden walifika hapo karibu mara sawa, lakini O'Neal alifunga asilimia 52.4 ya mitupo hiyo, na Harden 87.9. Mitupo huru miwili ya Harden ilileta wastani wa pointi 1.76, wakati mtupo wake wa kawaida ulileta 1.08. Ya O'Neal ilileta 1.05, pungufu ya 1.15 aliyoipata alipoachwa atupe. Si ajabu basi kwamba wapinzani walimchezea rafu kwa makusudi.

Hata hivyo TS% ya enzi moja haipaswi kulinganishwa kavukavu na ya enzi nyingine. Wastani wa ligi ulikuwa asilimia 52.3 katika msimu wa O'Neal, 54.1 katika wa Curry na 56.0 katika wa Harden. O'Neal aliuzidi wastani wa wakati wake kwa 5.5 na Harden kwa 5.6, tofauti isiyo na uzito. Curry aliuzidi kwa 12.8, na hapo hakuna cha kubishania.

Namba 0.44 nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa ni wastani wa ligi na haimjui mchezaji mmojammoja. Anayefunga kikapu cha pointi mbili pamoja na mtupo huru wa nyongeza amepata pointi tatu kwa shambulizi moja, na kwa haki TS% yake ingekuwa 150. Fomula humpa 104, kwa sababu inamtoza 0.44 asiyostahili. Anayepewa mitupo mitatu hutozwa 1.32 badala ya 1. Anayepewa miwimiwili hutozwa 0.88, akapendelewa kidogo. Katika msimu mzima makosa haya huwa madogo, lakini katika mchezo mmoja TS% huweza kudanganya waziwazi. Namba inayozidi 100 yenyewe si kosa: mfungaji wa pointi tatu kwa mtupo wake pekee hupata 150 kwa vipimo vyote viwili, maana kinachopimwa ni pointi, wala si mara ngapi mpira umeingia.

Vipimo hivi pia havitazami wingi wa mitupo. Mchezaji mrefu anayedanki pasi za wenzake mara nne kwa mchezo anaweza kumpita kinara wa ligi kwa TS%, ingawa hawezi kubeba mashambulizi ishirini kwa ufanisi uleule. Wala havihesabu mpira uliopotea kabla ya kutupwa. Katika msimu ule wa 2018/19 Harden alipoteza mpira wastani wa mara tano kwa mchezo, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana katika asilimia 61.6.