Kulinganisha taarifa ya benki na orodha ya malipo

Kulinganisha taarifa ya benki na orodha ya malipo ni kazi ya kuchukua kila mstari wa taarifa ya benki na kutafuta unamhusu nani katika orodha ya watu wanaotarajiwa kulipa. Hufanywa shuleni kwa ada, katika vyama vya akiba na mikopo kwa marejesho, na kwa wenye nyumba kwa kodi. Ni sehemu ya usuluhishi wa benki, ambao ni kazi pana zaidi ya kupatanisha daftari la fedha na hesabu za benki. Makala hii inaeleza hali ambayo karani hana taarifa yenyewe mkononi bali picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa kwa simu.

Kusoma picha kwanza

Ukurasa wa taarifa ya benki kwa kawaida una safu za tarehe, maelezo, fedha zilizotoka, fedha zilizoingia na salio. Anayezoea daftari la fedha la ofisini aangalie hapa: katika taarifa ya benki fedha zilizoingia huitwa krediti na zilizotoka debiti, kinyume na daftari lake, kwa sababu benki inaandika kwa upande wake yenyewe.

Picha huleta matatizo yake. Tarakimu 3 hufanana na 8, na 1 hufanana na 7. Karatasi ikipigwa picha kwa pembeni mistari hulala, na jicho huanza na tarehe ya mstari mmoja likaishia kwenye kiasi cha mstari wa chini yake. Dawa ni safu ya salio. Salio la mstari uliotangulia, ukiongeza kilichoingia au kutoa kilichotoka, lazima lilete salio la mstari unaofuata. Kwa hiyo kila kiasi kimeandikwa mara mbili katika ukurasa: mara moja waziwazi, na mara ya pili kama tofauti ya masalio mawili. Kazi hii ifanywe kabla ya kugusa orodha ya walipaji.

Mfano wa ada za shule

Tuseme shule moja ya binafsi inatarajia ada ya muhula kutoka kwa wanafunzi sita. Namba 11, 12, 14, 15 na 16 wanadaiwa shilingi 350,000 kila mmoja. Namba 13 ana punguzo na anadaiwa 280,000. Jumla inayotarajiwa ni 2,030,000. Namba 15 na 16 ni ndugu. Wazazi wameambiwa waandike namba ya mwanafunzi wanapolipa. Salio lililoletwa kutoka ukurasa uliopita ni 1,240,000, na picha inasomeka hivi:

| Mstari | Tarehe | Maelezo | Zilizotoka | Zilizoingia | Salio |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 8 Januari | Ada, namba 11 | | 350,000 | 1,590,000 |
| 2 | 8 Januari | Makato ya benki | 2,500 | | 1,587,500 |
| 3 | 9 Januari | Kutoka simu, hakuna namba | | 350,000 | 1,937,500 |
| 4 | 10 Januari | Ada, namba 13 | | 230,000 | 2,217,500 |
| 5 | 12 Januari | Ada, namba 15 | | 700,000 | 2,917,500 |
| 6 | 13 Januari | Ada, namba 12 | | 310,000 | 3,227,500 |

Mstari wa 4 unajisema wenyewe. Kutoka 1,937,500 hadi 2,217,500 ni 280,000, si 230,000. Ile 3 ni 8 iliyofifia. Mistari mingine yote inakubaliana na masalio yake, na makato ya benki yanawekwa kando kwa kuwa hayamhusu mwanafunzi yeyote.

Sasa ndipo kulinganisha kunaanza, na hapa utaratibu una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Karani anayeshuka kutoka juu akilinganisha kwa kiasi tu atampa namba 11 mstari wa 1, kisha atakutana na mstari wa 3 usio na namba. Wa kwanza katika orodha anayedaiwa 350,000 na hajapata ni namba 12, basi atampa yeye. Mwishoni atabaki na mstari wa 6 na namba 14, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki, atadhani namba imekosewa na kumwandikia namba 14 zile 310,000. Daftari litaonyesha kuwa namba 14 anadaiwa 40,000, naye atarudishwa nyumbani. Jambo baya zaidi ni kwamba jumla haitamshtaki karani. Ada zilizoingia ni 1,990,000, pungufu 40,000 ya zilizotarajiwa, na daftari lake lenye makosa linasema vivyo hivyo. Jumla huonyesha fedha kiasi gani zimepungua. Haionyeshi ni za nani.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na mistari yenye ushahidi wenye nguvu, popote ilipo ukurasani. Namba ya mwanafunzi ni ushahidi wenye nguvu kuliko kiasi, kwa sababu wengi hudaiwa kiasi kimoja. Mstari wa 1 unakwenda kwa namba 11, wa 4 kwa namba 13, na wa 6 kwa namba 12, ambaye ndiye anayedaiwa 40,000. Mstari wa 5 una namba 15 lakini ni ada maradufu. Huenda ni ya ndugu wawili, au ni ya mihula miwili ya mtoto mmoja. Mzazi aulizwe kabla ya kuigawa. Kila mstari unapotumika, namba yake huandikwa mbele ya jina katika orodha, na hautumiki tena.

Mstari wa 3 unabaki na namba 14 peke yake, na kiasi kinalingana. Hata hivyo kubaki peke yake si uthibitisho, maana fedha hizo zaweza kuwa za mtu asiyekuwamo katika orodha hii kabisa. Uandikwe kwa penseli kuwa ni wa namba 14 kwa dhana, kisha mzazi aombwe ujumbe wa simu wa muamala. Saa na namba ya muamala vikikubaliana na benki, wino unaweza kutumika. Kabla ya hapo, namba 14 asitajwe kuwa mdaiwa.

Mipaka ya njia hii

Salio hupima kiasi tu. Namba 11 ikisomeka kama 17, hesabu zote zitakubaliana na ada itakwenda kwa mtoto mwingine. Kwa hiyo namba isomwe pamoja na jina la mlipaji kama benki imeliandika. Jina nalo lina udhaifu wake, kwani mara nyingi anayelipa ni mjomba au shangazi wa jina tofauti na la mtoto.

Ukingo wa picha ukikata mstari wa juu au wa chini, masalio ya mistari iliyobaki yataendelea kukubaliana. Hilo hugunduliwa kwa kulinganisha salio la mwanzo wa ukurasa na la mwisho wa ukurasa uliotangulia. Mwanafunzi asiyepata mstari naye hajathibitishwa kuwa hajalipa: fedha zilizolipwa jioni ya Ijumaa zaweza kuandikwa Jumatatu, na hundi huchukua siku kadhaa kuiva. Picha ya stakabadhi anayoleta mzazi inasaidia kujua mstari upi utafutwe, lakini fedha huhesabiwa kuwa zimeingia pale tu zinapoonekana katika taarifa ya benki yenyewe. Na kwa kuwa picha huweza kubadilishwa, mstari wenye mgogoro husomwa upya katika karatasi iliyotolewa na benki.