Ripoti Mbili, Faili Moja

Ni mwisho wa mwezi. Meneja wa mikopo wa chama cha akiba na mikopo anafungua ripoti ya asubuhi. Wanachama 3,000 wa mwanzo wapo, 3,000 wa mwisho wapo, na kati yao hakuna mtu. Ajabu ni kwamba ukubwa wa faili ni uleule wa kila siku. Anampigia kijana wa kompyuta, naye anaangalia programu yake na kuikuta nzima. Haina kosa. Kosa ni kwamba asubuhi hiyo programu hiyo ilikuwa ikiendeshwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini tuupigie hesabu, kwa sababu bila hesabu mambo haya yanaonekana kama uchawi. Chama kina wanachama 12,000. Kila mmoja ana mstari wake katika faili la `mikopo.csv`, na kila mstari una herufi 80 hivi. Seva ya Linux imepangiwa kutoa ripoti hiyo upya kila baada ya nusu saa kwa kutumia `cron`, programu ambayo kazi yake ni kutazama saa na kuanzisha kazi muda ukifika. Haiulizi kama kazi ya nusu saa iliyopita imekwisha. Siku za kawaida hilo halina shida, maana ripoti huandika mistari 1,000 kwa dakika na kumaliza kwa dakika 12.

Mwisho wa mwezi makato ya mishahara yanaingia, hifadhidata inalemewa, na kasi inashuka hadi mistari 300 kwa dakika. Sasa ripoti inahitaji dakika 40. Nakala ya kwanza inaanza saa 2:00 asubuhi, na inapofika saa 2:30 imeandika mistari 9,000. Hapo `cron` inaanzisha nakala ya pili, na jambo la kwanza ambalo nakala hiyo inafanya ni kulifungua faili lilelile na kulifuta lote ili ianze upya.

Nakala ya kwanza haijui kwamba faili limefutwa. Yenyewe inakumbuka tu kwamba imefika kwenye mstari wa 9,000, kwa hiyo mstari wa 9,001 inauweka pale pale ulipopaswa kuwa, mbali kule mbele. Nafasi iliyobaki nyuma yake Linux inaijaza sifuri tupu. Sasa nakala mbili zinagombea hifadhidata moja, kila moja ikipata mistari 150 kwa dakika. Ya kwanza inamaliza mistari yake 3,000 iliyobaki saa 2:50, na kufikia hapo ya pili nayo imeandika 3,000 ya mwanzo. Ukilifungua faili dakika hiyo utakuta vichwa vipo, mikia ipo, na katikati kuna shimo la mistari 6,000. Ukubwa wake ni herufi 960,000, kama kawaida. Saa 3:00 nakala ya tatu inaingia na kufuta tena.

Dalili ya shimo hilo ni rahisi kuitambua. Ukilitazama faili kwa `less` utaona alama za `^@` zikifuatana bila mwisho, na ukitafuta jina kwa `grep` utaambiwa kwamba faili ni la `binary`, ilhali lilikuwa la maandishi matupu. Kama programu ingekuwa inaongezea mwishoni badala ya kufuta, usingepata shimo. Ungepata wanachama waliorudiwa na jumla ya mikopo iliyovimba, na kwangu mimi hilo ni baya zaidi, kwa kuwa shimo huonekana lakini jumla iliyovimba husainiwa.

Dawa ya kwanza inayomjia karibu kila mtu ni hii:

```
if [ -e /var/lib/ripoti/kufuli ]; then exit; fi
touch /var/lib/ripoti/kufuli
/opt/ripoti/hesabu > /var/lib/ripoti/mikopo.csv
rm /var/lib/ripoti/kufuli
```

Yaani ukikuta faili la kufuli lipo, ondoka. Ukikuta halipo, liweke, fanya kazi, kisha uliondoe. Inafanana na kutundika kanga kwenye mlango wa bafu la uani. Watu wawili wakifika pamoja, wote wataona mlango mtupu kabla yeyote hajatundika kanga yake, na wote wataingia. Ndivyo ilivyo kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa amri hizo: kuna upenyo, mdogo sana, lakini upo. Shida kubwa zaidi ni ya mtu anayetoka na kuisahau kanga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au skripti yenyewe ikauawa, `rm` haitafikiwa kamwe. Kuanzia hapo kila nakala mpya itaona kufuli na kuondoka kimyakimya, hadi mtu ajiulize mbona ripoti ni ya Jumanne iliyopita.

Kufuli la kweli halihesabu kuwepo kwa faili. Linashikwa na kiini cha Linux chenyewe, kwa niaba ya programu iliyoliomba, na programu ikifa kwa sababu yoyote ile, kiini hulifungua papo hapo. Kuomba na kupewa ni tendo moja lisilo na upenyo ndani yake. Huduma hiyo inaitwa `flock`, na amri yake huja na kifurushi cha `util-linux`, ambacho kipo tayari kwenye seva nyingi za Linux.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanasoma kuhusu `flock`, wanakwenda kwenye ratiba ya `cron` na kuandika hivi:

```
*/30 * * * * flock -n /var/lib/ripoti/kufuli /opt/ripoti/hesabu > /var/lib/ripoti/mikopo.csv
```

Inaonekana sawa. Hiyo `-n` ina maana kwamba kufuli likiwa limeshikwa, usisubiri, ondoka. Lakini ile alama ya `>` haishughulikiwi na `flock`. Inashughulikiwa na `sh`, programu inayosoma mstari mzima, nayo hulifungua na kulifuta faili la ripoti kabla hata haijaiita `flock`. Kwa hiyo saa 2:30 nakala ya pili inakataliwa kufuli kama ilivyotakiwa, lakini imeshafuta mistari 9,000 ya mwenzake kabla ya kukataliwa. Mwishoni utakuwa na shimo la mistari 9,000 badala ya 6,000. Kufuli limewekwa, na hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Basi kufuli lishikwe kabla ya chochote kuligusa faili, kulifungua kukiwemo. Mahali pake ni ndani ya skripti yenyewe:

```
exec 9>/var/lib/ripoti/kufuli
flock -n 9 || exit 75
/opt/ripoti/hesabu > /var/lib/ripoti/mikopo.tmp &&
mv /var/lib/ripoti/mikopo.tmp /var/lib/ripoti/mikopo.csv
```

Mstari wa kwanza unafungua faili la kufuli na kulipa namba 9. Wa pili unaomba kufuli hilo, na likiwa na mwenyewe, skripti inatoka na namba 75, namba ambayo tumeichagua ili tusichanganye "nimekuta mtu" na kosa la kweli. Kazi inaandikwa kwenye faili la pembeni, na likikamilika tu ndipo `mv` inalibadilishia jina. Kwa kuwa mafaili yote mawili yako kwenye diski moja, kubadilisha huko kunafanyika mara moja: meneja atafungua ripoti ya zamani iliyo kamili au mpya iliyo kamili, hataikuta nusu. Kufuli likikaa ndani ya skripti kuna faida nyingine. Kijana akiiendesha ripoti kwa mkono saa 2:10 kwa sababu bosi amemharakisha, naye atakutana na kufuli lilelile. `flock` ni makubaliano tu, haimzuii asiyeiomba, kwa hiyo kila njia ya kuingilia lazima ipitie hapo.

Kazi ikiisha, faili la `kufuli` hubaki kwenye diski, tupu. Liache. Kuna wanaoona uchafu na kuongeza `rm` mwishoni, au wanalifuta kwa mkono wakidhani limekwama. Kiini cha Linux hakishiki jina, kinashika faili lenyewe. Ukilifuta huku nakala ya kwanza bado inafanya kazi, ya pili itaunda faili jipya lenye jina lilelile, italifunga bila kipingamizi, na mtakuwa na nakala mbili tena, kila moja ikiamini iko peke yake.

Ukitaka kujua nani ameshika, usibahatishe. Andika `fuser -v /var/lib/ripoti/kufuli` na utatajiwa programu iliyolifungua. Mara nyingine utaona kwamba umeiua skripti lakini kufuli bado limeshikwa. Hapo `hesabu`, iliyoanzishwa na skripti na kurithi ile namba 9, bado ni hai na bado inaandika. Kufuli liko sahihi, wewe ndiye uliyekuwa na haraka.

Kinachobaki ni ukimya. Siku `hesabu` itakaposubiri jibu la hifadhidata lisilokuja, kufuli litashikwa mchana kutwa na kila nakala itaondoka na 75 bila kelele. Ukiandika `timeout 2h` mbele ya `/opt/ripoti/hesabu`, kazi iliyozidi saa mbili itakatishwa. Na kwa kuwa `mikopo.csv` sasa hubadilika pale tu kazi inapokamilika, umri wake ni kipimo cha kuaminika: `find /var/lib/ripoti/mikopo.csv -mmin +90` ikitoa jina la faili, ripoti ina zaidi ya dakika 90 na mtu aamshwe.

Yote haya ni ya seva moja. Chama kikiongeza seva ya pili ya akiba yenye ratiba ileile, kila moja itakuwa na diski yake na faili lake la kufuli, na hazitaonana. Hapo kufuli lihamie mahali ambapo zote mbili zinapita, yaani kwenye hifadhidata. Kwa PostgreSQL ni ombi moja:

```
SELECT pg_try_advisory_lock(4021);
```

Namba 4021 ni ya kujichagulia, ilimradi seva zote zitumie hiyo hiyo. Jibu likiwa `t` umepata, likiwa `f` mwenzako yupo kazini. Kufuli hilo linafungamana na muunganisho uliouliza, na muunganisho ukikatika linaachiliwa. Hilo ni jema seva ikizimika. Mtandao ukikatika kidogo ni balaa, kwa sababu nakala ya kwanza itaendelea kuandika bila kufuli na bila kujua, wakati ya pili imeshaingia. Ndiyo maana kabla ya ile `mv` ya mwisho, ikiwa ripoti inapelekwa mahali pamoja, programu ijaribu tena muunganisho uleule uliochukua kufuli. Ukiwa umekufa, faili la pembeni litupwe na nakala iliyoshika kufuli iachiwe imalize.