Kutoka Karipio hadi Tangazo: Usafi wa Chakula Mgahawani

Mmiliki wa mgahawa mmoja jijini Dar es Salaam alinionesha ujumbe aliowaandikia wafanyakazi wake usiku, katika kundi lao la simu. Wateja wawili walikuwa wamekula pilau mchana, na kabla ya magharibi wote wakawa wanatapika. Ujumbe ulisomeka hivi:

“Nimechoka na uchafu wenu! Mikono michafu, jiko chafu. Nikikuta tena pilau limelala nje mtanitambua. Na huyu mpishi anayelia na kidole, kidonda si ugonjwa, njoo kazini. Atakayekosa eti anaharisha, nakata mshahara.”

Hasira yake naielewa. Hata hivyo, kwa macho ya tabibu, ujumbe huo ulikuwa na kasoro kubwa kuliko ukali wake: uliwafundisha wafanyakazi kuficha yale hasa ambayo mmiliki alipaswa kuyajua.

Tuanze na muda. Mtu akitapika ndani ya saa chache baada ya kula, mara nyingi chanzo ni sumu iliyokuwa imekwisha kutengenezwa na bakteria ndani ya chakula. Hapa palikuwa na washukiwa wawili. Wa kwanza ni bakteria aina ya stafilokoka, anayeishi puani na kwenye ngozi, na ambaye hustawi sana katika kidonda chenye usaha. Wa pili hutoka udongoni, akafika jikoni pamoja na mchele. Mbegu zake sugu huhimili kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu, huamka, huzaliana na kutoa sumu. Sumu za bakteria hawa wote wawili zinaweza kustahimili moto wa jikoni. Ndiyo maana kupasha pilau la jana hadi litoe mvuke hakulirudishii usalama kama lililala nje. Harufu na ladha nazo huenda zisibadilike.

Bila kupima chakula wala matapishi, sikuweza kumwambia ni yupi aliyehusika. Tuliketi tukauandika ujumbe upya, nao ukabandikwa karibu na beseni la kunawia:

“Ndugu wafanyakazi,

Wateja wetu wawili waliugua baada ya kula hapa. Hatumtuhumu mtu. Tunaomba tushirikiane katika mambo yafuatayo.

Ukiharisha au kutapika, mpigie msimamizi simu kabla ya kuja. Usirudi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, kwa sababu vimelea huendelea kutoka katika choo hata baada ya mtu kujisikia mzima. Malipo ya siku hizo, hadi siku tatu, hayatakatwa. Ukiambiwa una homa ya matumbo au kipindupindu, subiri ruhusa ya daktari.

Ukiwa na kidonda au jipu mkononi, tuoneshe. Kidonda kikavu kitafunikwa kwa plasta isiyopitisha maji na glovu juu yake. Chenye usaha, utapangiwa kazi isiyogusa chakula wala vyombo hadi kipone, kwa kuwa sumu yake haiondolewi kwa kupika.

Pilau na wali vikibaki, vitandazwe katika masinia mapana vipoe haraka, kisha viingie katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Sufuria kubwa hubaki na joto katikati kwa muda mrefu, na hapo ndipo bakteria huzaliana. Kilichopitisha muda huo kitupwe, hakuna atakayelipishwa.

Sabuni na maji ya bomba vitakuwepo daima. Vikikosekana, tuambieni, kosa hilo ni letu.

Asanteni.”

Sentensi iliyotuchelewesha ni ile ya malipo. Mmiliki aliuliza, “Daktari, si watajifanya wagonjwa kila Jumatatu?” Nikamjibu kwamba huenda mmoja akafanya hivyo. Lakini mpishi anayelipwa kwa siku, mwenye kodi ya chumba mbele yake, akiambiwa achague kati ya kuharisha kwa siri na kukosa ujira, tunajua atachagua nini. Alikaa kimya, akapiga hesabu, akakubali siku tatu. Kama asingekubali, ningemshauri aifute sentensi hiyo kabisa, maana ahadi isiyotimizwa mara moja huua tangazo zima. Ile ya kutupa chakula nayo ina gharama: anayeogopa kukatwa fedha za sufuria la pilau atalipasha moto alfajiri na kunyamaza.

Aliomba pia tuongeze, “Atakayekiuka atachukuliwa hatua.” Tuliiacha nje. Nidhamu ina mahali pake, nayo ni faraghani kwa aliyejua sababu, akawa na sabuni na jokofu, na bado akapuuza.

Nilimwomba aweke daftari la taarifa za maradhi na vidonda, akaniuliza atajuaje kama tangazo linafanya kazi. Nilimwambia asifurahie kurasa tupu. Ana wafanyakazi kumi na mmoja. Miezi ikipita bila hata mmoja kuharisha wala kujikata kisu, basi bado wanamficha. Wiki ya pili alinipigia simu, sauti yake nusu malalamiko: watatu wameandika majina yao, na yule mpishi wa kidole amehamishiwa kaunta ya malipo.