Oksijeni ya nyumbani na hatari ya moto

Oksijeni yenyewe haiwaki, ila hufanya kila kinachowaka kiungue kwa kasi kubwa. Gesi inayovuja kwenye mrija wa puani hujipenyeza katika kanga, shuka na nywele, hivyo cheche ndogo inatosha kumuunguza mgonjwa usoni.

Kwa sababu hiyo jiko la mkaa, kibatari, mshumaa na sigara hukaa angalau mita 3 kutoka kwenye mtungi au mashine. Mgonjwa anayetaka kwenda jikoni hufunga oksijeni kwanza, kisha hukaa penye hewa dakika 20 au zaidi, maana nguo huendelea kushika gesi hata mrija ukishatolewa. Pua iliyokauka haipakwi mafuta ya mgando. Hutumika mafuta yenye asili ya maji. Mtungi husimamishwa wima na kufungwa usianguke.

Kiwango kilichoandikwa na daktari, tuseme lita 2 kwa dakika, hakiongezwi hata mgonjwa akihema. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ikizidi huweza kurundika hewa chafu mwilini: kichwa humuuma, akasinzia, akachanganyikiwa.

Akiwa hivyo, au midomo ikigeuka bluu, au akishindwa kumaliza sentensi, apelekwe hospitali mara moja bila kukatiwa oksijeni. Moto ukizuka, mgonjwa hutolewa nje kwanza. Oksijeni hufungwa ikiwa tu inafikika salama. Tanzania, Zimamoto hupigiwa 114.