Oda Isipotee, Malipo Yasirudiwe

Mteja wa Nairobi anayenunua viatu vya shilingi 3,800 kwenye duka la mtandaoni huona jambo moja tu: amebonyeza kitufe cha kununua. Nyuma ya kitufe hicho kuna kazi kadhaa. Oda inaandikwa kwenye hifadhidata, ombi la malipo linapelekwa M-Pesa, stoo inapunguza pea moja, mtu wa bodaboda anaarifiwa, na SMS ya risiti inatumwa. Kila kazi ina programu yake, na baadhi ya programu hizo ziko mikononi mwa kampuni nyingine ambazo mwenye duka hana amri juu yake.

Kazi hizo zikiungwa moja kwa moja, hii ikiisubiri ile, udhaifu wa mojawapo unakuwa udhaifu wa zote. SMS ikichelewa, simu ya mteja inazungusha duara tu. Anachoka, anabonyeza tena, na sasa kuna oda mbili. Seva nayo ikizimika katikati, pesa zimeshakatwa lakini stoo haina habari, na hakuna palipoandikwa kazi iliishia wapi.

Ndiyo maana mafundi huweka foleni katikati. Amazon ilianza kukodisha foleni yake iitwayo SQS mwaka 2006, na RabbitMQ, ambayo ni programu huria, ilitoka mwaka 2007. Zinatofautiana kwa mengi, lakini wazo ni moja. Badala ya duka kuipigia programu ya malipo na kungoja jibu, linaandika ujumbe mfupi na kuuweka kwenye foleni, kisha linamwambia mteja kuwa oda imepokelewa. Ujumbe wenyewe si kitu kikubwa:

```json
{"oda": "4471", "hatua": "malipo", "kiasi": 3800}
```

Programu ya malipo huuchukua ujumbe huo inapopata nafasi. Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe: kuuchukua ujumbe hakuufuti. Kwenye SQS ujumbe uliochukuliwa hufichwa tu, programu nyingine zisiuone kwa muda, na muda huo usipobadilishwa ni sekunde 30. Programu ikimaliza kazi, inatoa amri ya kuufuta. Ikizimika kabla ya hapo, amri haitolewi, muda wa kufichwa unakwisha, na ujumbe unarudi kuonekana ili programu nyingine iuchukue. RabbitMQ hufika palepale kwa njia nyingine: hungoja uthibitisho uitwao `ack`, na mawasiliano na programu yakikatika kabla ya uthibitisho, huurudisha ujumbe foleni. Kwa hiyo kuzimika kwa seva hakuui oda. Fundi anayefuta ujumbe mara tu anapoupokea, kabla ya kufanya kazi, ameitupa faida yote hiyo.

Mpaka hapo mambo yanapendeza, na wengi huishia hapo. Lakini programu iliyozimika ni tatizo jepesi kuliko huduma iliyo hai ila ni ya polepole.

Tuifuate oda 4471. Programu ya kwanza inauchukua ujumbe saa nne kamili asubuhi, ujumbe unafichwa kwa sekunde 30, na ombi la malipo linatumwa. Siku hiyo huduma ya malipo imeelemewa, na jibu linachukua sekunde 50. Ikifika sekunde ya 30, foleni haijui kwamba programu ya kwanza iko hai na inangoja. Inachojua ni kwamba muda umekwisha na amri ya kufuta haijaja. Inaufichua ujumbe. Programu ya pili inauchukua na kutuma ombi lake. Mteja anaona dirisha la kuweka namba ya siri likijitokeza kwenye simu yake, anaiweka. Punde dirisha la pili linatokea, naye, akidhani la kwanza lilikwama, anaiweka tena. Shilingi 7,600 zimetoka kwa pea moja ya viatu, na hakuna programu hata moja iliyokosea. Kila moja ilifanya ilivyoagizwa.

Kurefusha muda wa kufichwa kunasaidia, na SQS inaruhusu hadi saa 12, lakini hakumalizi tatizo. Ukiuweka mrefu mno, oda ya programu iliyozimika kweli italala huko saa nzima bila kuguswa. Ukweli ambao kila anayetumia foleni anapaswa kuukubali mapema ni kwamba foleni za kawaida huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haziahidi kuufikisha mara moja tu. Kwa hiyo usalama hautafutwi kwenye foleni. Unatafutwa kwenye kazi yenyewe, ambayo lazima iandikwe kwa namna ambayo hata ikifanywa mara mbili, matokeo yanabaki ya mara moja.

Njia yake ni kuandika kabla ya kutenda. Duka linakuwa na jedwali lenye mstari mmoja tu kwa kila oda na hatua yake, na hifadhidata inakataa mstari wa pili unaofanana. Kabla ya kuomba pesa, programu inajaribu kuandika "4471, malipo, imeombwa". Ikifaulu, inatuma ombi. Ikikataliwa, inajua kuna mwenzake aliyetangulia, hivyo haitumi tena bali inaulizia hali ya ombi la kwanza. Kwa M-Pesa ya Kenya hili linawezekana, kwani ombi la kumletea mteja dirisha la namba ya siri hujibiwa kwa namba ya kumbukumbu iitwayo `CheckoutRequestID`, na kwa namba hiyo duka linaweza kuuliza malipo yamefikia wapi. Kampuni nyingine hurahisisha zaidi. Stripe hupokea ufunguo uitwao `Idempotency-Key`. Ukituma ombi mara mbili kwa ufunguo uleule, la pili linarudishiwa jibu la kwanza bila kukata pesa upya.

Linabaki pengo dogo. Programu ikizimika baada ya kutuma ombi na kabla ya kuhifadhi ile namba ya kumbukumbu, mstari unasema "imeombwa" na hakuna cha kuulizia. Mafundi wazoefu huweka namba ya oda ndani ya anwani ambayo matokeo ya malipo hurudishwa, ili jibu likija lijitambulishe lenyewe. Na jibu lisipokuja kabisa, oda hiyo haifai kurudiwa na mashine. Ipelekwe kwa mtu.

Sasa tuje kwenye kurudia. Ombi likishindwa, swali la kwanza ni limeshindwaje. Huduma isiyojibu, au iliyosema imeelemewa, inastahili kujaribiwa tena. Lakini iliyojibu kwamba namba ya simu si sahihi itajibu hivyohivyo hata ukiuliza mara elfu. Kurudia hapo ni kupoteza muda na kuziba njia ya oda nyingine.

Kwa yale yanayostahili kurudiwa, desturi ni kungoja muda unaoongezeka maradufu: sekunde 2, kisha 4, 8, 16, 32. Juu yake huongezwa kiasi kidogo cha bahati nasibu. Hiki kinaonekana kama pambo, lakini bila hicho, oda 500 zilizoshindwa kwa pamoja zitarudi kwa pamoja, sekunde ileile, na kuiangusha tena huduma iliyokuwa ndiyo kwanza inainuka.

Jumlisha ile mifano mitano, utapata sekunde 62. Kwa SMS si mbaya. Kwa malipo haitoshi hata kidogo, kwa sababu huduma ya malipo ikilala kwa robo saa, oda zote njema za wakati huo zitakuwa zimemaliza majaribio yake ndani ya dakika moja na kuhesabiwa kuwa zimeshindikana. Ukianza na sekunde 30 na kuongeza maradufu vilevile mara tano, unafika sekunde 930, yaani dakika kumi na tano na nusu. Ratiba ya kurudia ipimwe kwa urefu wa kukatika ambako huduma hiyo imezoea. Na ikionekana wazi kwamba huduma imelala kabisa, ni bora programu iache kuchukua ujumbe. Ukibaki foleni, hauharibiki, na idadi ya majaribio yake hailiki bure.

Angalia pia ni wapi pengine panaporudiwa. Kama tovuti hujaribu mara tatu, programu ya malipo mara tatu, na maktaba ya mtandao iliyo ndani yake mara tatu, kitendo kimoja cha mteja kinaweza kuzaa maombi 27. Kurudia kufanyike ngazi moja tu.

Kuna ujumbe ambao hautafaulu kamwe. Mteja ameandika herufi O badala ya sifuri mwanzoni mwa namba yake ya simu. Programu inasoma namba, inashangaa, inaanguka. Ujumbe unarudi foleni, programu inawashwa upya, inauchukua uleule, inaanguka tena. Ujumbe mmoja wa namna hii unaweza kuwapumbaza wafanyakazi wote wa foleni usiku kucha. Dalili yake ni hii: programu zinawaka na kuzimika bila kukoma, huku umri wa ujumbe mkongwe kuliko wote kwenye foleni ukizidi kupanda.

Kwa ajili yake hutengwa foleni ya pembeni, ya ujumbe ulioshindikana. Kwenye SQS unaweka `maxReceiveCount`, tuseme 5, na ujumbe uliochukuliwa mara tano bila kufutwa unahamishiwa huko, oda nyingine zipite. Ujumbe haujatupwa. Fundi ataufungua, ataiona ile herufi O, atairekebisha namba, kisha ataurudisha foleni kuu. Kwa kuwa kazi imeandikwa ili isidhuru ikirudiwa, kuurudisha hakuna hatari.

Lakini pana mtego unaowanasa wengi. SQS huhifadhi ujumbe siku 4 usipobadilisha, na kikomo ni siku 14. Kwenye foleni za kawaida, ujumbe ukihamishiwa pembeni umri wake hauanzi upya. Unaendelea kuhesabiwa tangu ulipoingia foleni kuu. Oda iliyohangaika siku tatu kwenye foleni kuu, ikihamia kwenye foleni ya pembeni yenye siku zilezile 4, ina siku moja tu ya kuishi. Ijumaa jioni ikiingia, Jumatatu haipo, na haijaacha alama. Foleni ya pembeni ipewe siku zote 14, na king'ora kilie ujumbe wa kwanza unapoingia, si wa mia.

Kwa hiyo, wewe mwenye duka, muulize fundi wako maswali mawili leo. Ujumbe uleule wa malipo ukifika mara mbili, mteja atakatwa mara ngapi? Na ujumbe ukiingia kwenye foleni ya walioshindikana, simu ya nani inalia? Kama swali la pili halina jina la mtu, huna foleni ya pembeni. Una mahali ambapo oda za wateja wako waliokwisha kulipa zinafutwa baada ya siku chache.