Milimita 210, Zigawanywe kwa Siku Ngapi?

Saa tatu asubuhi ndiyo saa ya kusoma kipima mvua Tanzania na Kenya. Msomaji hufunua faneli, huitoa chupa iliyokinga maji tangu jana saa kama hiyo, na kuyamimina kwenye bomba la kioo lenye mistari. Huliweka bomba mahali palipo sawa, huinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha husoma pale chini katikati ambapo uso wa maji umebonyea, si pembeni unakopanda kidogo kwenye kioo. Akiona 12.4, huandika milimita 12.4, humwaga maji na kurudisha chupa mahali pake.

Milimita 12.4 maana yake ni kwamba kama ardhi ingekuwa tambarare, isinywe maji wala kuyaacha yatiririke, maji ya siku ile yangesimama kwa kina hicho. Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya leo inaweza basi kuwekwa juu ya mvua ya jana, kina juu ya kina, mpaka mwezi uishe. Ukijumlisha namba za daftari unafanya jambo hilohilo: unayarundika maji. Wastani unakuja baadaye, pale unapouliza rundo hilo lingekuwa kiasi gani kwa siku kama mvua ingenyesha sawasawa kila siku.

Tuchukue mfano wa daftari la Aprili, katikati ya masika, lenye siku 30. Wiki ya kwanza, tarehe 1 hadi 7, imeandikwa 0, 12.4, 3.6, 0, 0, 21.0 na 5.0. Anza na sifuri, ongeza 12.4, upate 12.4, ongeza 3.6, upate 16.0, siku mbili kavu haziongezi kitu, 21.0 inaifikisha 37.0, na 5.0 ya mwisho inaifikisha 42.0. Ninapenda jumla hii inayokua iandikwe kwenye safu yake, pembeni ya kipimo cha kila siku. Haiwezi kushuka hata siku moja, kwa hiyo ikishuka kuna kosa la kujumlisha. Na ikiruka ghafla kwa milimita 210 kwa sababu mtu aliisahau nukta ya 21.0, jicho linaona papo hapo.

Wiki ya pili ina jumla ya 28.0, ya tatu 70.0, na ya nne 7.0 tu, zote za mvua moja ya tarehe 25. Zinabaki tarehe 29 na 30, ambazo mvua ilinyesha kwelikweli: 41.0 na 22.0, yaani 63.0. Jumla ya mwezi ni milimita 210. Gawanya kwa 30, upate wastani wa milimita 7.0 kwa siku.

Hesabu ni nyepesi, lakini kuna njia ya mkato inayowanasa wengi. Mtu ameshapata wastani wa kila wiki, 6.0, 4.0, 10.0 na 1.0, na zile siku mbili za mwisho zimempa 31.5. Anajumlisha wastani hizo tano na kugawanya kwa tano, anapata 10.5. Imezidi kwa milimita tatu na nusu kila siku! Kosa ni kwamba siku mbili zimepewa uzito sawa na siku saba. Ukitaka kulihakiki jibu, lirudishe nyuma: 10.5 mara siku 30 ni 315, na maji ya milimita 315 hayakuingia kwenye chupa ile mwezi huo. Saba mara 30 inarudi kwenye 210, kama inavyopaswa.

Kosa la pili linaanzia kwenye daftari lenyewe. Katika mwezi wetu mvua ilinyesha siku 15. Siku nyingine 15 zilikuwa kavu, na wasomaji wengi siku kavu hawaandiki kitu au wanapiga kistari. Namba zikifika kwenye kompyuta, mtu anaandika hivi:

```
=AVERAGE(B2:B31)
```

Kompyuta inaruka visanduku vitupu na vyenye kistari. Inajumlisha 210 vizuri kabisa, lakini inagawanya kwa 15 badala ya 30, na jibu linatoka 14.0. Hiyo ni namba ya kweli ya jambo jingine, yaani wastani wa mvua kwa kila siku iliyonyesha. Inafaa kwa anayetaka kujua mvua zilikuwa kubwa kiasi gani. Lakini fikiria mtu mwenye paa la mita za mraba 50 anayetaka kujua maji ya kukinga. Kwa wastani wa 7.0 paa lake lilipokea lita 350 kwa siku, lita 10,500 mwezi mzima. Akichukua 14.0 na kuizidisha kwa siku 30, atatarajia lita 21,000, na nusu ya maji hayo hayapo. Ndiyo maana nasisitiza siku kavu iandikwe 0. Sifuri ni kipimo: mtu alikwenda, akafunua, akakuta chupa kavu.

Nafasi tupu ni habari nyingine, nayo ina sura mbili. Tuseme tarehe 19 na 20 hakuna aliyekwenda kusoma, na tarehe 21 msomaji akakuta milimita 19.0 kwenye chupa. Hayo ni maji ya siku tatu. Hawezi kujua yaligawanyikaje, na asiyagawanye kwa kubahatisha, aandike 19.0 na maelezo kwamba ni ya siku tatu. Jumla ya mwezi inabaki 210, siku zinabaki 30, na wastani hauguswi. Kinachoweza kupotea ni idadi ya siku za mvua na mvua kubwa kuliko zote ya siku moja. Akigawanya kwa 28 kwa sababu ana namba 28 tu daftarini, anapata 7.5, ilhali hakuna hata tone lililoongezeka.

Sura ya pili ni maji kupotea kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 mbuzi ameangusha kipima mvua, na ile 41.0 ya tarehe 29 imemwagika kabla ya kusomwa. Hapa kuweka 0 ni kusema uongo, maana jumla ya 169.0 ikigawanywa kwa 30 inadai mwezi ulikuwa na wastani wa 5.6. Ukigawanya kwa 29 unapata 5.8, wastani sahihi wa siku zilizopimwa, lakini bado uko mbali na 7.0. Siku moja tu imekosekana, ila ndiyo iliyobeba karibu sehemu moja ya tano ya mvua ya mwezi. Na siku kama hiyo ndiyo iliyo rahisi kupotea, kwa sababu mvua kubwa ndiyo inayofanya chupa ifurike, njia ijae maji na msomaji ashindwe kufika. Kwa mwezi wa namna hiyo, mstari wa mwisho wa daftari uandikwe hivi: jumla milimita 169.0, siku zilizopimwa 29, tarehe 29 haikupimwa, mvua kubwa.