Kuifumua Video ya Mshindani Shoti kwa Shoti

Video ya kwanza kuifumua ni ile iliyozipita kwa mbali video nyingine za mtengenezaji yuleyule. Chaneli yenye wafuasi wengi hutazamwa hata ikipandisha kazi dhaifu, na hapo utakuwa unachunguza umaarufu wake, muundo usiuone.

Tuchukue mfano wa video ya kupika chapati yenye dakika 6. Itazame mara moja kama mtazamaji wa kawaida, kisha irudie bila sauti ili macho yaone mikato tu. Kwenye kompyuta, YouTube ikiwa imesimamishwa, kitufe cha nukta (.) husogeza picha fremu moja mbele na cha mkato (,) huirudisha nyuma, kwa hiyo mahali shoti inapobadilika hapakupotei. Chora jedwali la safu nne: muda, kinachoonekana, kinachosikika, na kazi ya shoti hiyo.

Tuseme umehesabu shoti 90. Sekunde 360 ukizigawa kwa 90 unapata wastani wa sekunde 4, lakini wastani huo unaficha mambo. Sekunde 30 za mwanzo zina shoti 15, yaani sekunde 2 kila moja. Mbele zaidi, shoti moja ya kukanda unga inadumu sekunde 22 bila mkato. Mhariri hakusinzia hapo. Unga ulioanza ukiwa na mabonge unakuwa laini mbele ya macho yako, na angeukata ungedhani ameubadilisha. Kwa hiyo andika pia kasi inabadilika wapi, na kwa sababu gani.

Safu ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida. Shoti ya kwanza: mkono unachana chapati, tabaka zinaachana. Ya pili: chapati ngumu inakunjwa na kuvunjika. Ya tatu: mpishi anasema tatizo haliko kwenye unga. Ya nne: maji ya moto yanamiminwa kwenye bakuli. Kwenye safu ya kazi usiandike neno chapati hata mara moja. Andika: kuonyesha matokeo, kuonyesha shida ya mtazamaji, kuondoa jibu analolitarajia, kuanza kazi kabla swali halijajibiwa. Jibu lenyewe, kwamba donge lipumzishwe nusu saa kabla ya kusukumwa, linakuja dakika ya 3 na sekunde 40, na papo hapo mpishi anazua swali jingine kuhusu moto wa kikaango. Huo ndio uti wa mgongo wa video: swali halifungwi kabla jingine halijafunguliwa.

Sasa funika safu tatu za kwanza na umsomee mtu ile ya nne peke yake. Akitambua ni video gani, bado umeandika maudhui ya mwenzako.

Fundi cherehani anaweza kuuchukua muundo huo kwa video ya mshono unaojikunja. Anaanza na mshono uliotulia, halafu uliojikunja. Shoti ya tatu ndipo wengi wanaponaswa: fundi anasema "tatizo haliko kwenye cherehani", akidhani amebuni chake, kumbe amebadilisha nomino tu ndani ya sentensi ya mpishi. Kazi ya shoti ile ilikuwa kuondoa jibu linalotarajiwa, na inafanyika hata bila neno. Fundi anabadilisha sindano, anashona, mshono unajikunja. Anabadilisha uzi, unajikunja tena. Mtazamaji ameshayatupa majibu mawili kwa macho yake. Baadaye ndipo kamera inasogea kwenye kirungu cha kukazia uzi, ambacho kilikuwa kimekazwa mno. Ukifika hatua ya kupiga picha, ifunge video ya mshindani na ubaki na jedwali lako, maana ukiiangalia tena utaiga hata pembe ya kamera.

Njia hii ina mipaka. Huoni watazamaji wake walitoroka sekunde gani; takwimu hizo anazo mwenye chaneli. Baadhi ya video za YouTube huonyesha mchoro wa sehemu zilizorudiwa zaidi juu ya mstari wa muda, na unasaidia, lakini usomwe kwa uangalifu. Mwinuko kwenye shoti ya kuchana chapati huenda ni utamu wa picha. Mwinuko kwenye vipimo vya unga na maji mara nyingi maana yake vimepita haraka mno na watu wamerudi kuviandika. Hiyo ni kasoro, na hapo ndipo pa kumzidi: vipimo vyako viache kwenye kioo sekunde mbili tatu zaidi.

Halafu fumua video nyingine mbili za mtu huyohuyo. Kinachojirudia katika zote tatu ni muundo wake. Kilichotokea mara moja, kama mtoto kuingia jikoni akicheka, kiache kilipo.